Kitone cheupe moyoni mwa mtoto aliye tumboni: Kipimo cha miezi mitano husema nini?

Na Mwandishi Wetu, Mwadui

MAMA mjamzito anapotoka katika chumba cha ultrasaundi akiwa na karatasi iliyoandikwa kwamba moyoni mwa mtoto kumeonekana kitone cheupe, jambo la kwanza analolifikiria ni kwamba mtoto wake ana ugonjwa wa moyo.

Hofu hiyo ina sababu zake. Karatasi huandikwa kwa lugha ya kigeni, na mtaalamu aliyeiandika mara nyingi huwa tayari anamhudumia mama mwingine. Kwa mkazi wa Mwadui au Maganzo, wilayani Kishapu, daktari bingwa anayeweza kutegua kitendawili hicho huenda akawa Mwanza, umbali wa takriban kilometa 140.

Hata hivyo, kitone hicho kikiwa peke yake si ugonjwa wa moyo wala si kasoro ya aina yoyote. Ni kimojawapo cha vitu ambavyo wataalamu huviita viashiria hafifu, yaani mambo madogo yanayoonekana katika picha, ambayo yenyewe hayamdhuru mtoto, lakini yamegundulika kuwa mengi kidogo zaidi kwa watoto wenye matatizo ya kromosomu.

Ili kuelewa tofauti iliyopo kati ya kiashiria na kasoro, ni lazima kwanza kufahamu kipimo chenyewe hutafuta nini.

Ultrasaundi hutumia mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliwezi kuyasikia. Ingawa wanaoiendesha huitwa wataalamu wa mionzi, haina mionzi kama ile ya eksirei, na kwa hiyo wale wanaoikwepa kwa kuogopa kuunguza mtoto wanaogopa kisichokuwapo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza mwaka 2016 kwamba kila mjamzito apate angalau kipimo kimoja cha ultrasaundi kabla ya wiki ya 24. Kwa ajili ya kuchunguza maumbile ya mtoto, wakati unaofaa zaidi ni kati ya wiki ya 18 na ya 22, yaani mimba inapokaribia au kuingia mwezi wa tano. Kabla ya hapo moyo huwa mdogo mno. Baada ya hapo mifupa huzidi kukomaa na kuweka vivuli vinavyoficha viungo vilivyo nyuma yake.

Uchunguzi kamili huchukua kiasi cha nusu saa, na wakati mwingine zaidi iwapo mtoto amelala vibaya. Hapa ndipo akina mama wengi wanapochanganya mambo. Kipimo cha dakika tano kinachoonyesha kwamba mapigo ya moyo yapo, mtoto ametanguliza kichwa na kondo la nyuma limekaa juu, ni kipimo cha kawaida chenye manufaa yake, lakini si uchunguzi wa maumbile. Namna rahisi ya kutambua ni kusoma ripoti: ya uchunguzi kamili hutaja viungo kimoja baada ya kingine, ikiwa ni pamoja na vile ambavyo mtaalamu hakufanikiwa kuviona.

Kuhusu hilo la mwisho, mama anapaswa kujua kwamba kiungo kutoonekana vizuri si sawa na kiungo kutokuwapo. Mtoto akigeuza mgongo, uso wake hauonekani. Dawa yake ni mama kutembea kidogo na kurudi, au kupangiwa siku nyingine.

Uchunguzi huanza kichwani. Mtaalamu hutazama kama fuvu ni zima na lina umbo la yai, kama mstari wa katikati unaogawa ubongo upo, na kama vyumba vya maji ndani ya ubongo havijatanuka. Upana wa chumba hicho unapaswa kuwa chini ya milimita 10. Kisha huhamia kisogoni kuutazama ubongo mdogo, ambao una sifa ya kuvutia: katika kipindi hiki upana wake kwa milimita hukaribiana na umri wa mimba kwa wiki, hivyo mtoto wa wiki 20 huwa na milimita zipatazo 20.

Usoni hutazamwa macho, pua na mdomo wa juu, ili kuona kama haukupasuka. Kifuani moyo unatakiwa kuelekea kushoto, kujaza takriban theluthi moja ya kifua, na kuonyesha vyumba vinne. Vyumba vinne peke yake havitoshi. Mtaalamu mwangalifu hufuata pia mishipa miwili mikubwa inayotoka moyoni, kwa kuwa yapo matatizo makubwa ya moyo ambamo vyumba vyote vinne ni vya kawaida lakini mishipa imebadilishana nafasi. Huangaliwa vilevile kama kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo hakina tundu linaloruhusu utumbo kupanda juu.

Tumboni mfuko wa chakula unapaswa kuwa kushoto, figo ziwe mbili, kibofu kionekane kikijaa, na ukuta wa tumbo uwe umefungika pale kiungamwana kinapoingilia. Mwisho hufuatwa uti wa mgongo kuanzia shingoni hadi kiunoni, mikono na miguu, kondo la nyuma, na kiasi cha maji.

Mgongo wazi ni mfano mzuri wa kasoro halisi, na namna unavyogunduliwa inafaa kuelezwa. Tundu lenyewe mgongoni linaweza kuwa dogo kiasi cha kupita bila kuonekana. Lakini kwa kuwa maji huvuja kupitia hapo, ubongo huvutwa kuelekea chini. Sehemu ya mbele ya fuvu hubonyea pande zote mbili na kichwa kikapata umbo la limau, na ubongo mdogo hupindika kama ndizi. Mtaalamu anayeona limau na ndizi kichwani hurudi mgongoni kutafuta kwa makini zaidi.

Hiyo si dalili hafifu. Inaonyesha tatizo lililopo tayari, na hatua zinazofuata zinajulikana: kujifungulia katika hospitali yenye upasuaji wa watoto, kama vile Bugando jijini Mwanza, na mtoto kufanyiwa upasuaji mapema. Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), jijini Dar es Salaam, nayo hupokea watoto wa aina hiyo pamoja na wale wenye vichwa vilivyojaa maji. Mtoto akizaliwa njiani au nyumbani bila mtu kujua, kidonda kile huingia vijidudu, na nafasi ya kupona vizuri hupungua.

Inafaa kusemwa pia kwamba mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya wiki nne za mwanzo tangu mimba kutungwa. Vidonge vya foliki asidi vinavyoanza kunywewa baada ya kipimo cha mwezi wa tano haviwezi kuzuia tatizo hilo. Huhitajika kabla ya mimba na katika majuma yake ya mwanzo.

Viashiria hafifu ni jambo jingine kabisa. Kitone cheupe cha moyoni ni chembechembe za chokaa zilizojikusanya ndani ya msuli mdogo unaoshikilia valvu, mara nyingi upande wa kushoto. Hakizibi njia ya damu, hakibadilishi mapigo, na mtoto akizaliwa hahitaji tiba yoyote kwa ajili yake. Huonekana kwa watoto watatu hadi watano katika kila 100 wanaopimwa, na wengi mno kati yao ni wazima.

Kilichokifanya kitone hicho kiogopwe ni takwimu. Watafiti waliona kwamba miongoni mwa watoto wenye hali ya Down, inayotokana na kromosomu namba 21 kuwa tatu badala ya mbili, kitone kilionekana mara nyingi zaidi. Kosa lililofuata ni kugeuza sentensi hiyo kichwachini, ikawa kana kwamba kila mwenye kitone ana hali ya Down.

Mwaka 2013 ulichapishwa uchambuzi wa watafiti wa Hospitali ya King's College ya London, waliounganisha matokeo ya tafiti nyingi zilizotangulia. Waliona kwamba kitone kikiwa peke yake, bila kasoro wala kiashiria kingine, uwezekano wa hali ya Down unabaki karibu pale pale ulipokuwa kabla ya mama kupimwa.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua mfano wa mama wa Maganzo mwenye umri wa miaka 25. Kwa umri wake pekee, uwezekano wa kuzaa mtoto mwenye hali ya Down ni takriban mmoja katika 1,300. Amepimwa wiki ya 20, viungo vyote vimeonekana na ni vya kawaida, ila kuna kitone cheupe. Baada ya kipimo, uwezekano wake bado ni takriban mmoja katika 1,300. Mama huyo haitaji kusafiri kwenda Mwanza kwa ajili ya kitone.

Sasa chukua mama mwenye miaka 40 na picha ileile. Uwezekano wake ulikuwa karibu mmoja katika 100 kabla ya kupimwa, na kitone hakikuubadilisha. Akishauriwa kufanya vipimo zaidi, sababu ni umri wake. Inashangaza jinsi mazungumzo mengi yanavyoishia kwenye kitone, ilhali tarehe ya kuzaliwa ya mama ndiyo yenye uzito.

Huko Uingereza, mpango wa taifa wa uchunguzi wa wajawazito uliacha tangu mwaka 2009 kuvichukulia kitone cha moyoni na vivimbe vidogo vya maji ubongoni kuwa sababu ya kumtia mama wasiwasi, vikionekana peke yake. Vivimbe hivyo, ambavyo huota katika tishu inayotengeneza maji ya ubongo, kwa kawaida hutoweka vyenyewe kufikia wiki ya 28. Vilihusishwa na tatizo la kromosomu namba 18, lakini watoto wenye tatizo hilo karibu daima huwa na mambo mengine yanayoonekana, kama kasoro ya moyo au vidole vilivyokunjwa visivyofunguka. Ndiyo maana mtaalamu anayekuta vivimbe hivyo hungoja kwa subira mtoto akunjue kiganja.

Lakini si viashiria vyote vyenye uzito mdogo. Ngozi ya kisogoni ikiwa na unene wa milimita sita au zaidi, uwezekano huongezeka karibu mara nne. Kwa yule mama wa miaka 25 hiyo ina maana ya kutoka mmoja katika 1,300 hadi karibu mmoja katika 340. Bado watoto 339 kati ya 340 hawana hali hiyo, lakini hapo mazungumzo na daktari bingwa yanastahili. Kabla ya hayo, kipimo kinapaswa kurudiwa, maana kifaa kikiinamishwa kupita kiasi kuelekea mgongoni, ngozi huonekana nene kuliko ilivyo.

Vyumba vya maji ya ubongo vikifikia milimita 10 hadi 15 navyo hudai ufuatiliaji. Kama hakuna kasoro nyingine, wengi wa watoto hao hukua vizuri, ila mama hupimwa maambukizi yanayoweza kumfikia mtoto na picha hurudiwa baada ya wiki chache ili kuona kama vinazidi kutanuka. Zaidi ya milimita 15, jambo hilo haliitwi tena kiashiria.

Kipo pia kiashiria ambacho kwa Waafrika kinahitaji tahadhari ya pekee: mfupa wa pua kutoonekana au kuwa mfupi. Katika vitabu ni miongoni mwa viashiria vyenye nguvu kuliko vyote. Lakini takwimu nyingi za vitabu hivyo zilitoka kwa akina mama wa Ulaya, na imeonekana kwamba watoto wazima wenye asili ya Afrika huwa na mfupa mfupi au usioonekana mara nyingi zaidi kuliko wenzao wa huko. Kipimo kilichotungwa kwa pua ya London kikitumiwa bila kufikiri Kishapu, kitawatisha wazazi wengi bila sababu.

Utumbo kung'aa nao huleta mabishano, kwa kuwa mwangaza wa skrini huweza kuongezwa au kupunguzwa kwa kitufe. Kanuni ni kwamba utumbo lazima ung'ae sawa na mfupa. Mtaalamu hupunguza mwangaza taratibu. Utumbo ukififia kabla ya mfupa, hakuna kiashiria hapo. Ukibaki ukimeta pamoja na mfupa, sababu zinazofikiriwa ni mtoto kumeza damu iliyovuja ndani ya maji, maambukizi, au kondo la nyuma lisilomlisha vizuri, mbali na kromosomu.

Kuhusu figo, tundu la kukusanyia mkojo likiwa na milimita tano katika wiki ya 20, kwa kawaida hakuna la kufanya ila kupima tena kwenye wiki ya 32. Likiwa chini ya milimita saba wakati huo, suala limekwisha. Likizidi, mtoto hupimwa tena baada ya kuzaliwa, kwa sababu huenda njia ya mkojo imebanwa.

Katika ukanda huu wa Ziwa, chanzo kikubwa cha hofu isiyo ya lazima huenda kikawa ni kalenda. Wajawazito wengi huanza kliniki mimba ikiwa na miezi minne au mitano, na si wote wanaokumbuka tarehe ya hedhi ya mwisho. Mama anasema mimba ina wiki 20. Mashine inaonyesha mfupa wa paja, unaoandikwa FL kwenye skrini, una milimita 27, wakati mtoto wa wiki 20 hutarajiwa kuwa na 33 hivi. Ripoti inaandikwa kwamba mfupa wa paja ni mfupi.

Hapo mtaalamu anatakiwa kutazama vipimo vingine kabla ya kuandika neno lolote. Kama mzunguko wa kichwa, ulioandikwa HC, ni milimita 150 badala ya 175, na ubongo mdogo una milimita 18, basi kila kitu kinasema wiki 18. Mtoto ni wa kawaida. Tarehe ndiyo iliyokosewa. Ila kama kichwa kina milimita 175 na ubongo mdogo 20, huku paja likiwa na 27, basi paja peke yake ndilo fupi. Huyo hupimwa tena baada ya wiki tatu au nne, kwa kuwa ufupi huo unaweza kuwa mwanzo wa mtoto kudumaa tumboni, hali inayoambatana mara nyingi na shinikizo la damu la mama, au tatizo la mifupa, au urithi tu wa wazazi wafupi.

Mama aliyepimwa mapema, kabla ya wiki ya 14, huwa na tarehe ya uhakika zaidi. Karatasi ya kipimo hicho ifuatane na kadi ya kliniki kila anakokwenda, kwani bila hiyo daktari wa Shinyanga au Mwanza hana cha kulinganishia.

Iwapo uwezekano umepanda kweli, vipo vipimo vinavyofuata. Kimoja huchambua chembe za vinasaba vya mtoto zilizomo katika damu ya mama. Ni sahihi sana kwa hali ya Down lakini ni cha gharama kubwa na si rahisi kukipata nchini. Kingine ni kuchota maji ya uzazi kwa sindano, ambacho hutoa jibu la uhakika lakini huweza kuharibu mimba kwa wanawake wachache, chini ya mmoja katika 100.

Sheria za Tanzania haziruhusu kutoa mimba kwa sababu ya kasoro ya mtoto, isipokuwa pale maisha ya mama yanapohitaji kuokolewa. Kwa sababu hiyo, mama anayo haki ya kuuliza kabla ya kuchomwa sindano: jibu litabadilisha nini? Kwa wengine litabadilisha mahali pa kujifungulia. Kwa mfano, watoto wengi wenye hali ya Down, karibu nusu, huzaliwa na tatizo la moyo, na tangu mwaka 2015 Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam inafanya upasuaji wa moyo kwa watoto. Kwa wengine halibadilishi lolote, na hao wana haki ya kukataa.

Upande wa pili wa shilingi ni kwamba ripoti safi haimaanishi mtoto hana tatizo. Takwimu za mpango ule wa Uingereza, wenye mashine nzuri na wataalamu waliobobea, zinaonyesha kwamba mgongo wazi hugunduliwa kwa watoto takriban 90 kati ya 100 wenye tatizo hilo, mdomo uliopasuka 75, na matatizo makubwa ya moyo 50 tu. Pale ambapo mashine ni kongwe na foleni ni ndefu, ni vigumu kutarajia zaidi ya hapo. Hali ya Down yenyewe haina kasoro ya lazima inayoonekana katika picha, na watoto wengi wenye hali hiyo hupita bila kugundulika.

Yapo pia mambo ambayo ultrasaundi haiwezi kuyaona hata iwe nzuri kiasi gani, na mawili kati yake yanawahusu hasa wakazi wa ukanda huu. Wanawake wanaofanya kazi au kuishi kando ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, mkoani Geita na kwingineko, huvuta mvuke wa zebaki inayochomwa ili kutenga dhahabu. Mvuke huo hupita kwenye kondo la nyuma na huweza kudhuru ubongo unaokua, lakini madhara yake yapo katika utendaji wa ubongo wala si katika umbo lake, hivyo picha huonekana ya kawaida.

La pili ni selimundu, ugonjwa ulioenea sana Kanda ya Ziwa. Mtoto mwenye selimundu huonekana tumboni sawa kabisa na mwenzake asiye nao. Wazazi wenye historia ya ugonjwa huo katika ukoo, hata kama ripoti yao ya mwezi wa tano haina doa, humpeleka mtoto kupimwa kwa tone la damu baada ya kuzaliwa.